Nimenyoosha suti ya mzee kwenye picha kwa GIMP, tai ikabaki ni ile ile yake: uzoefu wangu

Jamani naandika hii kwa sababu nimekesha siku tatu na hii kitu na nimejifunza kwa njia ngumu. Mzee wangu alipostaafu walimpiga picha rasmi ya kutundika ukutani, suti ya bluu ya giza, shati jeupe, tai ya mistari ya mshazari aliyopewa na wenzake kazini. Picha yenyewe kali, uso umetoka vizuri, shida ni nguo. Tai imekwenda upande, fundo limeinama kabisa, ncha moja ya kola ya shati imeruka juu imekaa kama sikio la mbuzi, halafu kifua cha shati na koti vina mikunjo ya nguo iliyotoka kwenye begi. Aliyepiga hakuona, mzee hakuona, sisi tukaja kuona kwenye kioo cha kompyuta, na kurudia haiwezekani tena.

Mara ya kwanza nilimpa mtu anayefanya kazi hizo, simtaji. Alirudisha picha safi haraka sana, nikashangaa, nikampelekea mzee, akaiangalia kidogo tu akasema, "Mwanangu, hii tai siyo yangu." Kweli, jamaa kachukua koti na tai za picha nyingine akabandika kichwa cha mzee juu yake, mistari imegeuka upande mwingine na vifungo vimebadilika. Mzee hakukasirika ila alikataa itundikwe. Ndo nikasema basi, naingia mwenyewe, nguo ibaki hiyo hiyo.

Nimetumia GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha. Toleo la 3.0 lilitoka 2025 ila vitu vyote nitakavyosema vipo hata kwenye 2.10, kwa hiyo laptopu ya zamani isikutishe sana. Kabla ya yote tafuta faili la asili kutoka kwenye kamera. Mimi nilianza na ile iliyotumwa kwa meseji, ukiizuumu kwenye koti unakuta uzi wa kitambaa umeshafutika umekuwa kama uji, sasa ukinyoosha juu ya hapo koti linakuwa plastiki moja kwa moja na hakuna cha kukuokoa. Nikaomba ile ya kamera, pikseli 4000 kwa 5000 hivi, nyuzi zinaonekana moja moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mpangilio. Nilianza na mikunjo nikaja kwenye tai baadaye, kumbe ukisogeza tai unafunua sehemu ya shati iliyokuwa imefichwa, unajikuta una kazi ya mikunjo upya. Anza na vilivyopinda, malizia na vilivyokunjamana.

Kola. Nilizungushia kola peke yake kwa Free Select Tool nikaikopi kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake juu ya picha, maana ukivuta kola ikiwa imeshikana na shingo, na ngozi inakuja nayo, taya la mzee linavimba upande mmoja. Halafu Warp Transform, ikiwa kwenye Move pixels, brashi kubwa, nilitumia Size 400 na Strength 25, unavuta ile ncha kurudi chini kidogo kidogo kama unabembeleza mtoto. Mwanzoni nilitumia brashi ndogo nikidhani ndo naweza kuwa makini zaidi, wapi, ukingo wa kola ukatoka na mawimbi kama bati. Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapa na wengi hawakijui: kola ya shati ina mshono unaotembea sambamba na ukingo wake, milimita chache tu kutoka pembeni. Ukivuta vibaya mshono unasogea karibu na ukingo sehemu moja na kuwa mbali sehemu nyingine, na mtu akiangalia atahisi kitu hakipo sawa hata kama hawezi kukueleza ni nini. Mimi nilirudia mara nne mpaka mshono ukatulia.

Najua kuna mtu atasema kwa nini usikopi kola ya upande mzuri ukaigeuza kama kioo. Nilijaribu. Mwanga ulikuwa unatokea kushoto kwa picha, kola ya upande ule iko angavu na nyingine iko kwenye kivuli kidogo, ukigeuza unapata kola mbili zinazomulikwa na jua mbili tofauti. Na kwa tai ndo usithubutu kabisa, mistari inageuka mshazari wa upande mwingine, na tumesharudi kwenye tai siyo yangu.

Sasa tai yenyewe, hapa ndo nilitoa jasho. Fundo lilikuwa limeinama digrii 6, nimepima kwa Measure Tool, siyo kwa jicho. Nikalikata fundo peke yake likawa leya moja, na ile sehemu ndefu inayoning'inia leya nyingine, kwa sababu havijapinda sawa, fundo limezunguka lakini chini tai imeelea tu pembeni taratibu. Fundo nikalizungusha kwa Rotate, kile kituo cha mzunguko nimekiburuta nikakiweka juu katikati, pale fundo linapoingia kwenye kola, ili lizunguke kama linavyozunguka la kweli ukilishika kwa mkono. Zungusha mara moja tu! Kila ukizungusha programu inahesabu pikseli upya na picha inalegea kidogo, mimi nilizungusha digrii 4, nikaongeza 1, nikaongeza 1, mwisho nyuzi za tai zikawa na ukungu wakati za koti ziko kali. Ikabidi nirudi nyuma nianze na leya ya asili nizungushe 6 kwa mpigo. Sehemu ndefu nikaisogeza kwa Warp tena, brashi kubwa vile vile.

Halafu kuna kivuli. Tai ikisogea, kivuli chake kwenye shati hakisogei nayo, kinabaki pale pale kimekaa peke yake kama yatima, na ukikiacha inaonekana tai mbili, moja ya kweli na moja ya mzimu. Nilikifuta kwa Clone, nikichukua shati la jirani yake upande ule ule, juu kidogo na chini kidogo, siyo sehemu moja kila mara, ndipo nikarudisha kivuli kipya upande wa kulia wa tai maana mwanga unatoka kushoto. Kivuli chenyewe nilikikopi kwenye picha ya asili, sikukichora, cha kuchora kinajulikana tu.

Basi mikunjo. Hapa GIMP imenifurahisha kupita kiasi. Mkunjo kwenye picha ni vitu viwili vimelaliana, kuna giza na mwanga vya ule mlima na bonde la kitambaa, na kuna nyuzi za kitambaa juu yake. Ukipitisha ukungu juu ya vyote unaua nyuzi, ndo zile suti za plastiki tunazoziona. Dawa ni kuvitenganisha: unaunganisha kazi yako yote kwenye leya moja kwa New from Visible, halafu

```
Filters > Enhance > Wavelet-decompose
```

niliacha 5 kama ilivyo, inakutolea leya tano za Scale na moja ya chini inaitwa Residual. Nyuzi ziko kwenye Scale 1 na 2, usiziguse. Rangi na vivuli vipana viko Residual. Nikazungushia mkunjo mmoja wa kifuani, Feather edges nikaweka 20, nikasimama kwenye Residual nikapitisha Gaussian Blur ya 25, na kwenye Blending Options nikashusha Opacity mpaka 70 ili mkunjo upungue badala ya kufutika. Jamani mkunjo unayeyuka na nyuzi zimebaki pale pale! Nilicheka peke yangu usiku. Ile mikunjo myembamba yenye ukingo mkali mabaki yake yanakaa kwenye Scale 5 na 4, hapo nilipitisha Heal kidogo, ile brashi inayokopi kama Clone lakini inalinganisha kiraka na rangi ya jirani.

Ila angalia ukingoni. Pale shati jeupe linapokutana na koti la giza, ukungu unanyonya rangi ya jirani, nikapata doa la kijivu kando ya kola ya koti kama jasho. Karibu na mpaka wowote achana na Gaussian Blur, tumia Heal au Clone ukichukua kitambaa cha upande huo huo.

Na siyo kila mkunjo ni adui. Hii nilikosea nikanyoosha kila kitu, mzee akawa amevaa boksi. Mkunjo wa ndani ya kiwiko, wa kwapani, na ile mistari midogo inayovutwa na kifungo cha koti, hiyo ndo inaonyesha kuna mtu ndani ya nguo. Mikunjo ya begi ni ile iliyonyooka kama imepigiwa rula, inakatiza kifua bila sababu yoyote ya mwili. Hiyo ndo ya kutoa. Ya kiwiko niliirudisha yote.

Pale ilipogoma niseme ukweli. Mkunjo mmoja kwenye koti ulikuwa mzito, ndani yake ni weusi tu, hamna nyuzi za kuokoa, pale njia ya Residual inakupa weusi uliopauka tu, lazima uzibe kwa Clone. Na suti ya mzee ni ya rangi moja, kungekuwa na mistari ya wima ningelia, kwa sababu ukiondoa kivuli cha mkunjo mstari wenyewe bado unabaki umepinda, inabidi uuvute kwa Warp mmoja mmoja.

Kabla ya kuchapisha fanya hivi: kopi picha nzima kwenye leya ya juu, ongeza Curves uivute kali mpaka inachukiza, viraka vyote vinajitokeza. Mimi nilikuta uzi mmoja mdogo mweupe umejirudia mara tatu kwenye bega, nilikuwa nimekloni kutoka sehemu moja. Nikavifuta viwili, halafu ile leya ya Curves nikaitupa.

Programu naipa nyota nne. Moja nimenyima kwa sababu ya Warp, kwenye picha kubwa inakwenda kwa kujikongoja, unavuta halafu unasubiri, na ukibonyeza Enter umeshathibitisha, hakuna kurekebisha ulichovuta, ni kurudi nyuma uanze upya. Tena hifadhi kama XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya zako, kila hatua, laptopu yangu ilizima katikati ya kola.

Picha imetundikwa. Chini kidogo ya fundo kuna mstari mmoja wa tai haujakutana vizuri na mwenzake, umepishana kama unene wa kucha. Mzee aliisogelea karibu sana, miwani puani, nikajua leo nimekamatwa. Akasema, "Hapa kwenye kiwiko mbona hujapiga pasi?"