Fuso au semi: ipi nafuu kwa kila tani-kilomita?

Swali hili halikauki pale Tandika. Tani-kilomita moja ni tani moja iliyobebwa kilomita moja. Tuchukue mfano wa Dar–Morogoro, kama kilomita 200, safari 10 kwa mwezi, gari likienda limejaa na kurudi tupu. Tarakimu ni za kukadiria, weka zako.

Fuso ya tani 10: gharama za kudumu (bima, mshahara, uchakavu, maegesho) 3,000,000. Dizeli, matairi na sevisi 900 kwa kilomita. Kilomita 4,000 ni 3,600,000. Jumla 6,600,000. Tani 10 × km 200 × safari 10 ni tani-kilomita 20,000, hivyo shilingi 330.

Semi ya tani 28: za kudumu 7,000,000, za barabarani 1,800 kwa kilomita. Jumla 14,200,000 kwa tani-kilomita 56,000: shilingi 254. Semi imeshinda, ila mzigo uwepo. Ukipata safari 5 tu, za kudumu hazipungui, na inapanda hadi 379.

Wengi hukosea hapa: hugawa kwa uwezo wa gari, si mzigo uliopimwa kwenye mizani. Kilomita za kurudi tupu zinakula dizeli bila kuzaa tani-kilomita hata moja. Fuso ikirudi na tani 5 za mchele, hata dizeli ikiongezeka kidogo, inashuka karibu na 220.

Kwa matunzo, semi ina matairi 22, Fuso 6. Semi ikilala gereji, mtaji wote umelala.

Una mkataba wa saruji wa mwezi mzima? Semi. Unaokota mzigo wa sokoni? Mimi ningebaki na Fuso.