Nimeacha kulipia Google One: kilichobaki, kilichofungwa, na kazi ya kuhamisha picha

Nianze na jibu ambalo wengi wanalitafuta. Ukiacha kulipia Google One, picha na faili zako hazifutwi siku hiyo, wala mwezi huo. Unaweza kuzifungua, kuzitazama na kuzipakua kama kawaida. Kinachofungwa ni mlango wa kuingizia vitu vipya, na kwenye mlango huo huo ndipo barua pepe zinapopita. Watu wanahofia picha, kumbe barua pepe ndiyo inayokwama kwanza.

Mimi nilikuwa na kifurushi cha GB 100, nikigawana na mama na mdogo wangu. Niliamua kuacha baada ya kununua diski ya nje, maana sehemu kubwa ya nilichokuwa nalipia kuhifadhi ni picha za zamani ambazo nazifungua mara chache sana. Nilipoingia one.google.com/storage nikakuta nimetumia GB 38: picha na video GB 24, Drive GB 9, Gmail GB 5. Ukiacha kulipa unarudi kwenye GB 15 za bure, na hizo 15 ni za vyote vitatu kwa pamoja. Kwa hiyo nilikuwa na GB 23 za ziada za kuhamisha.

Picha nilizoziona kwenye simu zilikuwa nyingi kuliko GB 24 zinavyoweza kubeba, na sababu ipo. Picha zilizopandishwa kwa ubora uliopunguzwa kabla ya tarehe 1 Juni 2021 hazihesabiwi kwenye nafasi yako hadi leo. Ukizifuta hizo hupati nafasi yoyote, kwa hiyo usihangaike nazo. Anza na za baada ya tarehe hiyo, hasa video.

Kusitisha kwenyewe ni kazi ndogo. Unafungua Play Store, unabonyeza picha yako pale juu, unaingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, unachagua Google One na kubonyeza Cancel subscription. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Kadi itaendelea kukatwa. Nafasi yangu haikuondoka papo hapo, iliendelea hadi mwisho wa kipindi nilichokuwa nimeshakilipia, na muda huo ndio nilioutumia kupiga simu.

Simu ya kwanza ilikuwa kwa mdogo wangu, yuko chuo. Kwenye kifurushi cha familia kila mtu ana GB 15 zake, na zinazozidi hapo ndizo mnazogawana. Mwenye kifurushi akiacha, wote mnarudi kwenye 15 siku moja. Nikamwambia aangalie hesabu yake.

"Dada, mimi nina 17."

"Basi una mbili za kufuta kabla mwezi haujaisha. Nini kimejaa?"

"Video za mahafali. Na WhatsApp."

Hiyo WhatsApp wengi hawaijui. Kwenye Android, zamani nakala yake ya akiba haikuwa ikila nafasi yako. Siku hizi inahesabiwa kwenye GB zako za Google. Dogo alikuwa ameruhusu video ziingie kwenye nakala hiyo. Aliiondoa alama kwenye Include videos ndani ya mipangilio ya WhatsApp, akapandisha nakala upya, na ikawa ndogo sana. Mama alikuwa na GB 4 tu, kwa hiyo yeye sikumsumbua.

Simu ya pili ilikuwa kwa mhazini wa kikoba chetu. Mimi ni katibu, na jedwali la michango lipo kwenye Google Sheets kwa jina langu. Sheria ya Google ni kwamba mwenye faili akizidi nafasi, faili zake za aina hiyo haziwezi kuhaririwa wala kunakiliwa na mtu yeyote, hata wale uliowapa ruhusa ya kuandika. Zinabaki za kusoma tu. Fikiria siku ya kikao cha Jumamosi, watu wameleta hela, na jedwali linakataa kupokea tarakimu. Kwa hiyo nilibonyeza Share, nikafungua orodha mbele ya jina la mhazini, nikachagua Transfer ownership. Yeye akapokea kwenye barua pepe akakubali. Kuanzia hapo jedwali linahesabiwa kwake, na hata nikizidi mimi, kikoba hakiguswi. Kama unamiliki faili yoyote ambayo watu wengine wanaitegemea, hii ndiyo hatua ya kwanza, kabla hata ya picha.

Kipindi kilipoisha niliacha makusudi akaunti ikiwa bado imezidi, nione kinachotokea. Picha mpya za simu ziliacha kupanda. Drive ilikataa faili mpya, na hati mpya haikufunguka. Kupakua kuliendelea bila shida. Kisha nikajiandikia barua kutoka akaunti nyingine, na haikuingia. Gmail ikizidi nafasi haipokei wala haitumi, na wewe uliyejaza huoni kitu kwenye kikasha chako kinachokuambia fulani alikuandikia. Anayepata taarifa ni aliyetuma.

Ila kuna ahueni kidogo. Jibu ambalo seva ya Google inampa mtumaji linaanza hivi:

```
452 4.2.2 The recipient's inbox is out of storage space
```

Namba zinazoanza na 4 kwenye lugha ya seva za barua maana yake ni kikwazo cha muda: seva ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye, na ikishindwa kwa muda mrefu ndipo humrudishia mwenyewe. Kwa hiyo ukigundua mapema na kupunguza mzigo, barua za karibuni bado zinaweza kufika. Anayesubiri majibu ya usaili au risiti za benki asijaribu mchezo huu.

Na mwisho wa yote? Ukikaa umezidi nafasi kwa miaka 2 au zaidi, ndipo Google wanaweza kufuta vilivyomo Gmail, Drive na Photos, baada ya kukutumia tahadhari. Hii ni tofauti na ile sheria nyingine ya akaunti iliyotelekezwa bila kufunguliwa miaka 2. Unaweza kuwa unaingia kila siku na bado ile ya kwanza ikakuhusu.

Sasa kuhamisha, ambako ndiko kazi ilipokuwa. Nilitumia takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kuomba nakala ya vitu vyako. Pale unabonyeza Deselect all kwanza, la sivyo watakuwekea hadi kalenda na ramani, kisha unaweka alama kwenye Google Photos peke yake. Ukubwa wa kila fungu la .zip unauchagua mwenyewe. Mimi nilichukua GB 2. Mtandao ukikatika kwenye fungu la GB 50, unaweza kujikuta unaanza upya na bando limeishia njiani. Kwenye la GB 2 unapoteza kidogo. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 24 zinachukua karibu saa 11 mfululizo, kwa hiyo tafuta mtandao usiohesabu GB au bando la usiku, na ugawe kazi. Viungo vya kupakulia vinaisha muda baada ya siku chache, kama wiki hivi, kwa hiyo usiombe kabla hujawa tayari.

Ukifungua mafungu yale utakuta folda za kila mwaka, na pembeni ya picha kuna vifaili vya .json. Usivitupe. Picha iliyopigwa na kamera ya simu imebeba tarehe yake ndani, hiyo haina tatizo. Zilizokuja kwa WhatsApp hazina, kwa sababu WhatsApp huzivua taarifa hizo inapozituma. Zangu zilipotua kwenye diski, kompyuta ilizipanga zote kana kwamba zimepigwa siku niliyofungua .zip: picha za msiba wa babu zikawa jirani na za sendoff ya juzi. Tarehe yake ipo kwenye .json, na bahati nzuri mara nyingi ipo pia kwenye jina la faili. Kwa mfano IMG-20190714-WA0003 ni ya tarehe 14 Julai 2019. Mimi nilizipanga kwa jina badala ya tarehe, yakaisha.

Kabla ya kufuta chochote nilifungua kila fungu na kucheza video kadhaa hadi mwisho, maana .zip iliyopakuliwa nusu inaweza kuonekana nzima kwa nje. Kisha nikazima Backup kwenye simu na kufutia kwenye kompyuta. Hili lina sababu: ukifuta ndani ya programu ya Google Photos kwenye simu iliyowashwa Backup, picha inaondoka mtandaoni na kwenye simu pia. Zilizofutwa hukaa kapuni siku 60 kabla ya kupotea kabisa.

Drive ilikuwa rahisi. Ukurasa wa drive.google.com/drive/quota unapanga faili kuanzia kubwa kabisa, na tatu za juu kwangu zilikuwa video za harusi ambazo nakala zake ninazo. Kwenye Gmail nilitafuta hivi:

```
has:attachment larger:10M
```

Kumbuka kumwaga kapu la Gmail na la Drive, vilivyomo mle bado vinahesabiwa. Nilifika GB 12, na barua zikaanza kuingia tena.

Upande wa muziki hali ni nyepesi zaidi. Nilisitisha Spotify Premium kipindi hicho hicho, na orodha zangu zote za nyimbo zipo, hata nyimbo nilizozipenda zipo, kwa sababu akaunti inageuka ya bure na haifungwi. Kilichokufa ni nyimbo nilizopakua za kusikilizia bila intaneti. Zile hazikuwa mali yangu kama faili. Ni ruhusa iliyofungwa kwenye malipo, huwezi kuzihamishia kwenye fleshi. Kwa mtu wa safari ndefu za basi hilo ndilo la kupima.

Netflix nao hawana akaunti ya bure ya kurudi nayo, kwa hiyo kulipa kukiisha hutazami kitu. Ila wasifu, orodha yangu na historia ya nilivyotazama wanavitunza kwa miezi kadhaa. Mimi hulipia mwezi ambao kuna kitu nakitaka, naacha, narudi tena msimu mwingine ukitoka, na nakuta tamthilia imesimama pale pale kwenye kipindi nilichoishia.