Sindano pacha kwenye kitambaa cha jezi: uzoefu wangu wa kushona bila mawimbi

Ninashona nyumbani, Bukavu, kwa mashini ndogo ya umeme yenye zigizaga, na kwa pindo za fulana na magauni ya jezi nimekuwa nikitumia sindano pacha ya vitambaa vya kuvutika, aina ya Schmetz iliyoandikwa 4,0/75 kwenye pakiti. Namba ya kwanza ni nafasi ya milimita 4 kati ya sindano mbili, na ya pili ni unene wa kila sindano. Sindano hii inatoa mistari miwili iliyonyooka sambamba, inayokaribia sana upindo wa fulana ya kiwandani, lakini haiondoi mawimbi. Anayeinunua kwa tumaini hilo atapata mawimbi yaleyale, yakiwa na mistari miwili badala ya mmoja.

Mawimbi huanzia chini ya mguu wa mashini. Meno huvuta safu ya chini kwenda nyuma wakati mguu unakandamiza safu ya juu na kuizuia, na kitambaa cha jezi, kwa kuwa kinakubali kuvutika, hurefuka kidogo papo hapo. Uzi huingia kikiwa kimerefuka na kukifunga katika hali hiyo, kisha kikitoka nyuma hakiwezi tena kurudi mahali pake. Jezi huvutika zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu, na upindo wa gauni hufuata upana huo mzima, ndiyo maana mshono wa ubavuni unaweza kulala vizuri wakati upindo wa nguo hiyohiyo unapepea.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa sindano pacha, ninaweka sawa mashini kwa sindano moja ya kuvutika. Ncha yake ya mviringo hupita kati ya nyuzi za kitambaa bila kuzikata, na umbo lake karibu na tundu limetengenezwa ili kishikio cha chini kiukamate uzi kwa urahisi, jambo linalozuia mishono kurukwa. Ninakata kipande cha jezi ileile ya kazi kwa upande wa upana, ninakikunja safu mbili, ninaweka alama mbili za chaki zilizoachana kwa sentimita 20, kisha ninashona kutoka alama hadi alama kwa zigizaga nyembamba yenye upana wa 0,5 na urefu wa 2,5. Kwenye jezi moja ya pamba yenye mpira kidogo, sentimita 20 zilitoka zikiwa 22 nilipoacha mguu ukandamize kama kwenye kitenge. Nilipolegeza kirungu cha mkandamizo kilicho juu ya mashini, zilitoka 20 na nusu, na baada ya mvuke wa pasi zikarudi 20.

Mvuke huo ni kipimo pia. Mawimbi yakitoweka chini yake, kitambaa kilikuwa kimevutwa tu na kinajirudia. Yakibaki, aghalabu mishono imesongamana mno na wingi wa uzi unasukuma kitambaa kipanuke, hivyo urefu wa mshono uongezwe. Umeme ukikatika ninatumia pasi ya makaa juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa: ninaiweka na kuinyanyua, bila kuiburuta, kwa sababu kuiburuta kunaivuta jezi upya. Wenye mashini isiyo na kirungu cha mkandamizo waweke ukanda wa karatasi nyembamba kati ya mguu na kitambaa, waushone pamoja, kisha wauchane taratibu kufuata mshono. Mikono ielekeze kitambaa tu. Kukivuta kwa nyuma ili kisaidiwe kupita, kama wengi wetu tulivyozoea kwenye kitenge, ni kutengeneza wimbi kwa makusudi.

Sasa upindo wenyewe. Nichukue gauni lililokuwa na mzunguko wa sentimita 120 chini na upindo wa sentimita 2 na nusu. Nilibandika kwa pasi, upande wa ndani, ukanda wa kitambaa chepesi cha gundi ambacho nacho kinavutika, ili upindo usirefuke chini ya mguu. Kile kigumu cha kola hakifai, kwa kuwa kinaondoa uwezo wa jezi kuvutika. Nikakunja, nikashika kwa uzi wa mkono, kisha nikageuza nguo na kushona upande wa nje, kwa sababu uzi wa chini wa sindano pacha ni mmoja tu na unakwenda zigizaga kati ya mistari miwili, hivyo uzuri wote uko juu. Ukingo uliokatwa unapaswa kuangukia kati ya mistari hiyo au kuizidi kidogo, na kinachozidi hukatwa kwa mkasi mdogo baadaye.

Nyuzi mbili za juu zinahitaji vibiringo viwili. Mwenye kimoja ajaze uzi kwenye kaneti ya akiba, yaani kibiringo kidogo cha uzi wa chini, na kuiweka kwenye kijiti cha pili. Nyuzi zipite pande mbili tofauti za kisahani cha mkazo, la sivyo zinasokotana na mstari mmoja unaanza kuruka. Mashini iwekwe kwenye mshono ulionyooka, urefu wa 3, na gurudumu lizungushwe kwa mkono mara ya kwanza ili kuhakikisha kwamba sindano zote mbili zinaingia kwenye tundu la bamba bila kuligusa. Kusahau na kuiacha mashini kwenye zigizaga pana kunatosha kuvunja sindano, na ikivunjika moja, pacha nzima imekwisha.

Kasoro mahususi ya sindano hii ni tuta linaloinuka kati ya mistari miwili. Hilo si wimbi, na tiba yake ni tofauti: uzi wa chini umekaza na unavuta mistari ikaribiane. Ninaanza kwa kulegeza mkazo wa juu hatua kwa hatua. Tuta likibaki, ninalegeza skrubu ndogo ya nyumba ya kaneti kwa robo mzunguko, baada ya kuchora alama ya mahali ilipokuwa, kwa sababu kitenge cha kesho kitaihitaji pale pale. Ule ukanda wa gundi husaidia hapa pia. Kwenye gauni lile mkazo wa juu ulishuka kutoka 4 hadi 2 na nusu, na upindo ukalala.

Kuna mipaka ambayo mnunuzi anastahili kuijua. Mashini nyeusi za kukanyaga zinazoshona mstari mnyoofu pekee, ambazo bado ni nyingi kwa mafundi, haziwezi kuipokea sindano pacha, kwa maana tundu la bamba lao ni dogo na la duara. Bei yake pia ni mara kadhaa ya sindano ya kawaida. Zaidi ya hayo, uzi ule mmoja wa chini ndio unaokatika kwanza nguo inapovutwa sana, hata ukiwa wa poliesta. Ninaujaribu kwa kuvuta upindo wa kipande cha majaribio hadi mwisho wa mvuto wake na kusikiliza: ukilia, mkazo bado ni mkubwa au mshono ni mfupi. Kwa gauni na fulana iliyolegea sina malalamiko. Kwenye mkono wa blauzi unaobana kifundo, au suruali ya mazoezi, ninaiondoa na kupinda kwa zigizaga ya upana wa 2, ambayo haipendezi sana machoni lakini inavumilia kuvaliwa na kuvuliwa.