"Ikiwemo… n.k." au "kazi hizi tu" kwa mkataba wa fundi mashua

Hapa Lamu mkataba ukisema "fundi atakarabati mashua, ikiwemo kalafati, rangi, n.k.", ukaja kukuta tanga limechanika wewe utadai limo kwenye n.k., fundi atakataa, na karatasi haitawaamua. Mi naona bora "kazi hizi tu: kalafati, kubadilisha mbao mbovu, rangi", tanga liko nje wazi, bei yake mnaelewana mbali. Ukitaka orodha ibaki wazi, andika "kazi zote za kuzuia maji yasiingie, ikiwemo, lakini si hizo tu, kalafati na kupaka mafuta ya sifa", hapo maneno ya mwanzo ndo yanaweka mpaka. "Kama vile" na "kwa mfano" tayari zinaonyesha ni mifano, kwa hivyo n.k. ifute kabisa.