Maandishi yao yamenishushia bei ya kitenge

Nimewapa hawa wahariri video tatu za vitenge waziweke maandishi na kuzifanya za wima. Mbili sina neno nazo. Ya tatu imenitia hasira mpaka leo.

Kwenye sauti nasema, "Hiki ni elfu thelathini na tano." Wao wanatumia ule mtindo wa maneno mawili mawili yanayopita chini ya kioo. Yakatokea "elfu thelathini", yakafutika, ndipo yakaja "na tano". Anayesikiliza haoni tatizo. Anayetazama ndani ya daladala, sauti imezimwa, ameshasoma thelathini na kuhamia video nyingine. Akija inboksi anakuja na thelathini yake, ukimwambia thelathini na tano anaona umempandishia.

Nilipolalamika nikajibiwa, "Dada, maandishi si yapo? Yanafuata sauti." Kosa ni hilohilo! Bei haitakiwi kufuata sauti. Inaandikwa kwa tarakimu, Sh 35,000, yote kwa pamoja, na inakaa sekunde tatu nzima hata kama msemaji ameshahamia kwenye urefu wa kitambaa. Tena kwa maneno, "elfu thelathini na tano" mtu anaweza kuisoma 30,005.

Hiyo "na tano" yenyewe ilikaa chini kabisa, pale TikTok inapoweka jina la akaunti na maelezo. Faili ukilifungua kwenye simu linaonekana safi, ukishalipandisha bei imefunikwa. Ndiyo maana kazi ya namna hii inakaguliwa ikiwa imepandishwa, ionekane na wewe peke yako, sauti umezima. Robo ya chini iachwe tupu, na ukingo wa kulia wenye moyo na maoni pia. Herufi ziwe nyeupe kwenye kibandiko cheusi, maana nyeupe tupu juu ya kitenge inamezwa na maua.

Kuhusu wima, nakiri nilirekodi simu ikiwa imelala. Ukikata picha hiyo iwe wima kwa kimo chake chote, upana unaobaki haufiki hata theluthi. Programu yao ikafuata uso wangu, kitenge nilichokishika pembeni kikabaki pindo tu. Nani ananunua uso? Fremu ilitakiwa isogezwe kwa mkono kila nilipokunjua kitambaa, au video ibaki nzima katikati na bei ipate nafasi yake juu.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Ila wamerudia bila malipo, bei sasa inasomeka, na maneno yao yanaendana na mdomo kuliko wengine wote niliowajaribu. Basi tatu. Hapana, mbili. Kila nikikumbuka lile "si yapo?" damu inachemka, na pindo la kitenge bado limekatwa sekunde ya nane.