Uzoefu wangu na chupa tatu za waridi: ya asili, ya maabara na ya kughushi

Nimekuwa nikitumia manukato ya waridi kwa muda mrefu, na kila nikiyataja nasikia maneno yaleyale: ya asili ni salama, ya sintetiki yana kemikali, ya asili ni bora, ya sintetiki ni ya bei rahisi. Nikaamua kununua chupa tatu na kuzitumia kwa zamu ili nizilinganishe. Ya kwanza ni chupa ya mililita 10 iliyoandikwa "mafuta safi ya waridi, asilimia 100, hayana kemikali", kwa bei ya sabuni nzuri. Ya pili ni kichupa cha mililita 1 cha mafuta ya waridi kutoka kwa mkenekaji, yaani mtu anayetoa mafuta ya maua kwa mvuke, kilichokuja na cheti cha uchambuzi wa maabara. Ya tatu ni manukato ya kupulizia ambayo lebo yake inasema wazi kwamba mchanganyiko wake umetumia viambato vya sintetiki.

Nianze na ile ya kwanza, kwa sababu hata kabla ya kuifungua hesabu yake ilikuwa inagoma. Kupata kilo 1 ya mafuta ya waridi la Damasko, lile linalolimwa Kazanlak kule Bulgaria na Isparta kule Uturuki, huhitajika takriban kilo 3,000 hadi 4,000 za maua. Maua hayo huchumwa kwa mkono alfajiri, kwa sababu jua likipanda harufu inapotea. Kwa hesabu hiyo, mililita 10 za mafuta safi zimebeba karibu kilo 30 za maua. Hakuna mtu atakayechuma kilo 30 za maua, azikeneke, kisha akuuzie kwa bei ya sabuni.

Pua nayo ilikubaliana na hesabu. Nilidondosha tone kwenye kipande cha karatasi, nikakuta harufu kali ya majani ya jeranii yenye kaukali ka limau, na baada ya nusu saa karibu yote ilikuwa imeyeyuka. Waridi hughushiwa sana kwa mafuta ya jeranii na ya palmarosa, kwa kuwa yote mawili yana jeranioli nyingi, molekuli ileile iliyomo ndani ya waridi. Tena palmarosa ni nyasi. Kwa hiyo inawezekana kabisa chupa ile ni ya asili kama ilivyoandikwa, ila si ya waridi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lebo ile ilikuwa inajitembeza kweli.

Wapo wanaopendekeza kupima kwa friji, kwa kuwa mafuta halisi ya waridi yana nta na huanza kuganda kwenye ubaridi wa kawaida tu, chini kidogo ya nyuzi 20. Kichupa changu cha pili kiliganda kweli, vikatokea vipande vyembamba vinavyong'aa, na nilipokishika kiganjani vikayeyuka. Lakini kipimo hicho kisikudanganye. Mafuta ya jojoba, ambayo mara nyingi hutumika kuzimulia, nayo huganda kwenye friji, na mghushi anaweza kuongeza nta yake mwenyewe. Cheti cha kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha viambato vya mafuta na kuonyesha kiasi cha kila kimoja, ndicho kinachosema kweli. Hapo naangalia kwanza kiasi cha feniletanoli, molekuli mojawapo ya harufu ya waridi: katika mafuta yaliyokenekwa haizidi asilimia chache. Ikiwa juu sana, kuna mtu ameiongeza.

Na hapa ndipo kichupa cha pili kilinifundisha jambo kubwa kuliko yote. Mafuta haya ni ya kweli, yana harufu nzito ya asali, viungo na nta, na ni mazuri mno. Lakini hayanukii kama ua lililo hai. Sababu ni hiyo hiyo feniletanoli. Ndiyo inayolipatia ua bichi ule ulaini wake, na huyeyuka kwenye maji. Maua yanapokenekwa kwa mvuke, sehemu yake kubwa hubaki kwenye maji ya waridi, na mafuta hutoka na kidogo tu ya hiyo. Kwa maneno mengine, mafuta ya asili kabisa yamepungukiwa na kitu kilichokuwa ndani ya ua.

Chupa ya tatu, ile ya sintetiki, ndiyo iliyonipa ua lenyewe. Aliyeichanganya amerudisha feniletanoli iliyotengenezwa maabara, akaongeza damaskenoni, ambayo katika mafuta ya waridi ni chembe ndogo sana lakini pua huisikia kabla ya vingi vingine, kisha akaweka miski ya sintetiki ya kushikilia harufu. Nikipulizia asubuhi, jioni bado nguo inanukia. Kichupa cha mkenekaji kwenye ngozi yangu hudumu saa chache tu. Kwa ubora wa kuvaa kila siku, naipa chupa ya tatu nyota zaidi bila kusita.

Kuhusu bei, msidhani kila cha asili ni ghali. Mafuta ya maganda ya machungwa ni ya asili na ni rahisi, kwa sababu yanatoka kwenye maganda yaliyobaki viwandani baada ya kukamua juisi, ilhali ziko molekuli za maabara zinazopita bei hiyo kwa mbali. Waridi ni ghali kwa sababu ya kilo za maua na mikono ya wachumaji.

Tuje kwenye usalama. Nilisoma cheti cha kichupa cha pili mstari kwa mstari: sitroneloli, jeranioli, linaloli, yujenoli. Zote hizo sheria ya Ulaya inataka zitajwe kwenye lebo ya vipodozi zikizidi kiwango fulani, kwa kuwa baadhi ya watu huwapa mzio. Ngozi haijui kama jeranioli ilitoka kwenye ua au kwenye tapentaini ya misonobari. Pia kulikuwa na methili-yujenoli, kama asilimia 2. Hii imesababisha uvimbe wa saratani kwa wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa, na Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 0.01 katika manukato mazito. Ukipiga hesabu, mafuta haya hayapaswi kuzidi nusu asilimia ya chupa ya manukato, na katika losheni ya kubaki mwilini kikomo ni kidogo zaidi mara nyingi. Anayeyapaka bila kuyazimua eti kwa sababu ni ya asili amekivuka kikomo hicho mara 200.

Sisemi sintetiki ni malaika. Mwaka 2017 Ulaya ilipiga marufuku, kwa kanuni moja, vitu vitatu vya manukato vinavyoleta mzio: atranoli na kloroatranoli, vinavyopatikana kwenye kuvumwani ya mwaloni, na kimoja kilichotengenezwa maabara kinachojulikana kwa kifupi kama HICC. Viwili vya asili, kimoja cha sintetiki.

Zote tatu nilizijaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, nikangoja siku mbili kabla ya kupaka shingoni, na kichupa cha pili nilikizimua kwanza. Ile ya kwanza ndiyo pekee iliyoniachia wekundu na muwasho, na kwa kuwa muuzaji alikataa kunionyesha cheti, sikuweza kujua ni nini kilichoniwasha. Hiyo naipa nyota moja. Kichupa cha mkenekaji nne, kwa wanaotaka kuchanganya wenyewe na wana mizani ndogo ya kupimia. Ya kupulizia tano. Imenipunguzia tu raha kwa kifuniko chake kilicholegea, maana harufu hii haipendi hewa.