Salio lilisoma milioni mbili, nikakatwa ada ya ovadrafti

Nashona mapazia na mashuka ya hoteli, duka langu liko Darajani. Akaunti ya biashara ninayoitumia ni nzuri kwa mambo mengi: dirishani wana adabu na programu ya simu haisumbui. Lakini lililonipata na hundi nataka wafanyabiashara wenzangu walijue.

Ijumaa baada ya sala nilipeleka hundi ya 1,850,000 kutoka hoteli moja ya Jambiani, ambayo akaunti yake iko benki nyengine. Nilikuwa na 240,000. Ujumbe wa simu ukaniambia salio langu ni 2,090,000. Jumatatu asubuhi benki ikalipa kodi ya duka, 600,000, kwa agizo la kudumu nililowawekea. Jioni nakuta nimekatwa ada ya ovadrafti 25,000, na riba kidogo juu yake.

Nilikwenda kuuliza, na dada wa huduma kwa wateja akanifungulia taarifa ya akaunti. "Angalia hapa, mama," akanambia, "hundi tumeiandika Ijumaa, lakini Value Date yake ni Jumanne."

Value Date ni siku ambayo fedha zinakuwa zangu kweli; kabla yake benki imeandika hundi kwenye hesabu yangu, ila fedha bado ziko kwa benki ya hoteli. Picha ya hundi hupelekwa huko kupitia mfumo wa Benki Kuu, wakaangalie saini, tarehe na kama mteja wao ana fedha. Hapo bado wanaweza kuirudisha bila kulipwa, na ndiyo sababu fedha huzuiliwa. Tena hundi yangu ilifika baada ya muda wa mwisho wa siku, kwa hiyo kwao ilihesabiwa ya Jumatatu. Kodi ilipotoka, fedha zangu halisi zilikuwa zile 240,000 tu. Iliyobaki, 360,000, benki ilinikopesha bila mimi kuomba.

Kuzuia fedha sina ugomvi nako. Hundi ikirudi, nani atalipa? Ninacholalamikia ni ule ujumbe, unaojumlisha fedha zilizopita na zisizopita kuwa nambari moja. Kwenye programu ya simu zipo mbili, na inayotumika kulipia ni Available Balance. Siku ile ilikuwa 240,000 tangu Ijumaa, lakini iko ndani, mpaka uifungue akaunti yenyewe.

Niliandika barua nikaambatanisha picha ya ujumbe wao. Ada wamerudisha, riba hawakurudisha. Agizo la kodi nimelisogeza mpaka Alkhamis, na hoteli ile sasa inanilipa kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kutoka benki moja kwenda nyengine, ambako fedha zikishaingia hakuna cha kusubiri. Hundi ya benki hii hii bado napokea, kwani wanaihakiki wenyewe humu ndani.

Huduma ya dirishani nawapa nyota nne. Ujumbe wa salio nyota moja, na mpaka leo hawajaubadilisha.